Somo: Kutafsiri mkataba wa baharia na mkataba wa kukodi meli

Swali kama demareji ni faini limeulizwa tena jana, kwa hiyo naandika mara moja tu.

1. Soma mkataba wote kwanza.

2. Anayelipa kutumia meli ni "mkodi", mwenzake ni "mwenye meli". Epuka "mkodishaji", kila msomaji huelewa upande wake.

3. Demareji ibaki demareji, uifafanue mara ya kwanza: fidia iliyokubaliwa mapema, ambayo mkodi humlipa mwenye meli muda wa kupakia au kupakua ukipita. Si faini, wala si tozo ya kontena kukaa bandarini.

4. Muda wa kupakua. Hapa niliwahi kuchemka, na kosa lilikuwa neno "isipokuwa". Niliandika "isipokuwa Jumapili, isipokuwa ikitumika", na hakuna aliyeelewa. Chagua moja kati ya hizi, kulingana na Kiingereza cha mkataba:
"Jumapili haihesabiwi, hata kazi ikifanyika."
"Jumapili haihesabiwi, lakini kazi ikifanyika, muda uliotumika utahesabiwa."

Chukua tani 12,000 za ngano, tani 3,000 kwa siku: siku 4. Muda unaanza Jumatano saa 2 asubuhi, na kazi inaendelea usiku na mchana, Jumapili ikiwemo, hadi Jumanne saa 2 asubuhi. Kwa sentensi ya kwanza muda unaisha Jumatatu saa 2 asubuhi, demareji ni siku 1. Kwa ya pili unaisha Jumapili saa 2 asubuhi, demareji siku 2. Ikiwa ni dola 12,000 kwa siku, sentensi yako imehamisha dola 12,000.

Onyo la saa: Gencon ya 1994, fomu ya mkataba wa kukodi meli, inasema notisi kwamba meli iko tayari ikitolewa hadi 12:00, muda unaanza 13:00. Andika "saa 7 mchana (13:00)". Ukiandika "saa 13" tu, utapigiwa simu.

5. Kwenye mkataba wa baharia, kurejeshwa nyumbani: usiandike "kufukuzwa" wala "kurudishwa kwao". Ni haki ya baharia, kwa gharama ya mwenye meli.

MASWALI

— Kwa hiyo demareji ni faini ya kuchelewa?
Hatua ya 3.

— Nimeandika "faini" na mteja hakulalamika.
Hajalipa bado.

— Katika mfano wako, mvua ikinyesha Jumatatu saa 4 asubuhi, inatolewa?
Swali zuri. Muda uliisha Jumatatu saa 2 kwa sentensi ya kwanza, Jumapili kwa ya pili; meli iko kwenye demareji tayari. Mvua na Jumapili huondolewa kwenye muda wa kupakua, mkataba ukisema hivyo. Demareji ikishaanza huendelea kuhesabiwa, labda mkataba useme wazi vinginevyo. Kwa hiyo usiongeze "siku za kazi" kwenye kifungu cha demareji kwa kudhani zimesahaulika.

— Mkataba wa ajira unasema nauli ya kurudi itakatwa mshahara. Nirekebishe?
Hapana, tafsiri kama ulivyo, kisha mwandikie mteja pembeni. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumdai baharia gharama hiyo, isipokuwa akithibitika kuvunja wajibu wake vibaya.

— Mistari iliyokatwa kwa kalamu kwenye fomu niiache?
Usiifute. Andika "[imekatwa]", wanasheria huiangalia kujua pande mbili zilikataa nini.