Plasta ya pua kwa anayekoroma: jipime kwa vidole kwanza, ndipo ununue

Katika kliniki yetu ya masikio, pua na koo hapa Tanga, watu wengi huja wakiwa wameshajaribu plasta za pua. Mmoja anasema zimemwokoa, mwingine anasema ametupa pesa. Wote wawili wanasema kweli. Plasta hufungua sehemu moja tu ya njia ya hewa. Kama kizuizi chako kipo hapo, utapata nafuu usiku uleule. Kama kipo kwingine, hata ukibandika mbili hutapata kitu.

Sehemu hiyo ipo karibu sana. Ingiza mawazo ndani ya tundu la pua kama sentimita 1.5 hivi: hapo, kati ya ukuta wa pembeni na ukuta wa kati, ndipo njia nzima ya hewa ilipo nyembamba kuliko kwingine kote puani. Ukuta wa pembeni pale hauna mfupa, ni gegedu na ngozi. Ukivuta hewa kwa nguvu unaweza kunywea ndani na kuziba. Plasta ina vijiti bapa vya plastiki vinavyotaka kunyooka vikishapindwa juu ya pua, na vikinyooka huvuta ukuta huo nje. Haina dawa yoyote. Mmarekani Bruce Johnson ndiye aliyeibuni, naye alikuwa mtu wa pua iliyopinda na mafua ya aleji.

Hatua ya 1: Jipime kwa vidole

Simama mbele ya kioo penye mwanga, funga mdomo, vuta hewa haraka kupitia puani. Tazama mabawa ya pua. Yakinywea ndani, hiyo ni dalili nzuri kwako.

Kisha pima upande mmoja mmoja. Ziba tundu la kushoto kwa kulikandamiza kwa kidole gumba kutoka chini, bila kuipinda pua. Weka vidole viwili vya mkono mwingine shavuni, kando ya pua upande wa kulia, uvute ngozi taratibu kuelekea sikioni. Vuta hewa. Achia, vuta tena. Rudia upande wa pili.

Karibu kila mtu huhisi nafuu kidogo akifanya hivi, kwa hiyo usidanganyike na kidogo. Unachotafuta ni tofauti ya wazi, kama dirisha lililofunguliwa. Ukiipata, wewe ni mtu wa plasta. Usipoipata na pua bado imeziba, huenda tatizo ni uvimbe wa ndani zaidi: aleji ya vumbi, mafua, au vinyama vya puani. Wenye uvimbe huo plasta huwasaidia kidogo tu, wanahitaji kutibiwa chenyewe kinachovimbisha. Na kama pua yako inapitisha hewa vizuri pande zote lakini unakoroma, sauti yako inatoka kooni, na huko plasta haifiki.

Kundi moja ninalolipendekezea bila kusita ni wajawazito. Pua nyingi huziba katika ujauzito, dawa za kutumia ni chache, na plasta haiingizi chochote mwilini.

Hatua ya 2: Bandika mahali pake

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kubandika juu mno, kwenye mfupa. Mfupa hautanuki. Shusha kidole kutoka katikati ya macho ukifuata mgongo wa pua mpaka uhisi ugumu umeisha na ulaini umeanza. Plasta ikae chini kidogo ya hapo, na ncha zake ziishie juu ya mabawa, pale panapotuna ukipanua pua.

Osha uso kwa sabuni na ukaushe kabisa. Usipake mafuta puani jioni hiyo. Kwa joto letu la pwani jasho huibandua usiku wa manane, basi oga mapema na ubandike ngozi ikishapoa. Bandika katikati kwanza, halafu ncha, kisha isugue kwa nusu dakika ili gundi ishike. Utahisi mvuto mdogo. Usipouhisi, umeibandika juu au umechukua saizi ndogo.

Asubuhi ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, uinue ncha zote mbili kuelekea katikati. Anayeibandua kwa haraka huondoka na ngozi, na usiku unaofuata hana pa kubandika. Kila plasta ni ya usiku mmoja. Usiibandike penye kidonda au chunusi mbichi, wala kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayekoroma kila usiku aletwe kwa daktari, maana mara nyingi ni nyama za nyuma ya pua.

Hatua ya 3: Kama ngozi inakataa, tumia kipanuzi cha ndani

Hiki ni kifaa laini cha silikoni au plastiki, vipande viwili vilivyounganishwa, kila kimoja kinaingia tundu lake na kusukuma ukuta kutoka ndani. Kinawafaa wenye ngozi ya mafuta au inayowashwa na gundi. Anza na saizi ndogo, ukivae kwa muda wa saa moja wakati wa jioni kabla ya kukilalia. Kisiume. Kioshe kwa sabuni kila asubuhi. Kikivunjika kiungo chake usikitumie tena, kwani kipande kilicho huru kinaweza kuvutwa ndani. Anayetokwa damu puani mara kwa mara asikitumie.

Hatua ya 4: Pima kwa wiki moja na nusu hivi

Usiku mmoja haukupi jibu, kwa sababu pua huziba na kuzibuka kwa zamu hata kwa mtu mzima wa afya. Fundi seremala mmoja wa miaka 41, aliyepigwa mpira puani ujanani, alipata tofauti kubwa upande wa kulia kwenye kipimo cha vidole. Nikamwambia alale usiku 5 bila plasta na 5 nayo, na mkewe atoe alama ya kukoroma kutoka 0 hadi 10 kila asubuhi. Bila plasta alama zilikuwa 7 na 8. Akiwa nayo, 3 hadi 5. Mdomo mkavu wa asubuhi ulikwisha. Hakuacha kukoroma, lakini mkewe alirudi chumbani, na yeye akaona inatosha.

Hatua ya 5: Sikiliza ukimya

Mwezi uleule alikuja dereva wa lori, mnene wa shingo, mwenye shinikizo la damu. Plasta ilikuwa imempunguzia kelele naye akafurahi. Nikamuuliza mkewe: "Mama, huwa ananyamaza ghafla?" Akajibu, "Ananyamaza mpaka namtikisa, halafu anashtuka kama aliyezama majini."

Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini. Koo lenyewe linajifunga, na plasta hailizuii. Kelele zikipungua, hatari hubaki palepale na mtu wa kando hana tena cha kumwamsha. Ukimya wa sekunde 10 au zaidi unaojirudia, kushtuka kwa kukosa hewa, kichwa kuuma asubuhi, kusinzia mchana hata ukiwa umeshika usukani: ukiona haya, rekodi kwa simu saa moja ya usingizi bila plasta, uipeleke hospitali. Dereva yule nilimwandikia rufaa ya kipimo cha usingizi siku hiyohiyo, na nikamwomba asiendeshe safari za usiku mpaka apate majibu.