Somo: Gesi iliyomo kwenye mtungi wa presha kubwa, na namna ya kusoma chati ya Z

Naliandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Swali ni lilelile: mtungi wa gesi asilia wa gari una ujazo wa lita 60, geji inasoma bar 200, joto ni nyuzi 27, ndani mna gesi kiasi gani? Wengi hutumia PV = nRT, wanapata kilo 7.75 na kuridhika. Gesi iliyomo ni kilo 9.3 hivi. Kwa presha hiyo fomula ya shuleni inahitaji kigezo cha mgandamizo, Z.

Hatua ya 1. Geji haihesabu hewa ya nje. Hapa Dodoma ongeza bar 0.9, upate 201. Joto liwe Kelvini: 27 + 273 = 300.

Hatua ya 2. Gesi yetu ni karibu metani tupu, basi chukua vikomo vya metani: joto la kikomo Tc = 190.6 K, presha ya kikomo Pc = 46 bar.

Hatua ya 3. Gawanya: Tr = 300/190.6 = 1.57; Pr = 201/46 = 4.37.

Hatua ya 4. Fungua chati ya jumla (ninayotumia ni ya Nelson na Obert ya 1954). Simama kwenye Pr 4.37, panda hadi katikati ya mistari ya Tr 1.5 na 1.6, kisha usome Z pembeni: karibu 0.83. Eneo hili mistari imeachana sana, kwa hiyo usishike tu ulio karibu. Kadiria kati yake.

Hatua ya 5. Hesabu:

```
n = PV/(ZRT) = (201 × 60)/(0.83 × 0.08314 × 300) = 583 mol
```

Zidisha kwa gramu 16 za kila moli ya metani, upate zile kilo 9.3. Ukiifungulia nje kwa joto hilohilo, Dodoma itajaza mita za ujazo 16.2. Dar es Salaam, ambako hewa ni nzito zaidi, itajaza kama 14.4.

Hatua ya 6: presha usipoijua. Hapa ndipo watu wanapopotea, someni polepole. Mtungi uleule umeachwa juani hadi nyuzi 57, yaani 330 K. Presha imefika ngapi? Huwezi kupata Pr kwa kugawanya, maana P ndiyo unayoitafuta. Unachojua ni ujazo wa kila moli, v: 60/583 = lita 0.103. Ugeuze hivi:

```
vr = v·Pc/(R·Tc) = 0.299
Z = Pr·vr/Tr
```

Angalia sana: usigawanye kwa ujazo wa kikomo wa metani ulioandikwa kwenye majedwali (lita 0.0986 kwa moli). Ungepata 1.04 badala ya 0.299, na kila kitu baada ya hapo ni uongo. Mistari ya vr kwenye chati imechorwa kwa RTc/Pc. Dalili ya kosa ni Z kuwa mara tatu na zaidi ya inavyotarajiwa.

Sasa Tr = 1.73, hivyo Z = 0.173 × Pr. Kisia Pr = 5; chati inatoa Z karibu 0.90; mlinganyo unarudisha Pr = 5.2. Rudi kwenye chati na 5.2: Z bado ni 0.90. Umefika. P = 5.2 × 46, karibu bar 239. Anayezidisha tu 201 kwa 330/300 anapata 221, na hizo bar 18 alizoziacha ni za hatari.

Maswali

*Mjumbe wa Kongwa:* Mkuu, mtungi wangu wa jikoni wa kilo 15, Z yake ngapi?
— Ule una kimiminika ndani. Chati haihusiki. Upime kwa mizani.

*Mwanachuo, Dodoma:* Nimeweka joto 27 na Tc -82.6, napata Tr hasi.
— Soma hatua ya 1.

*Dada wa maabara:* Shikamoo mwalimu. Kwa nini Z iko chini ya 1, na je, hubaki hivyo?
— Marahaba, dada. Molekuli zikikaribiana zinavutana, gesi inachukua nafasi ndogo kuliko ilivyotabiriwa, ndiyo maana kilo zimeongezeka. Ukizidi kubana, ukubwa wa molekuli zenyewe unaanza kusukumana na Z inapanda. Kwa joto letu, ukifika Pr ya kama 8 hivi, Z inarudi kwenye 1 na kuivuka.

*Dada wa maabara:* Na heliamu, kama ile ya Rukwa?
— Hapo chati inataka marekebisho. Kwa heliamu, haidrojeni na neoni, ongeza 8 kwenye Tc kwa Kelvini, na atmosfia 8 kwenye Pc, kabla ya kugawanya. Kwa bar 200 na 300 K utaona Z inazidi 1, karibu 1.09, hivyo mtungi wa heliamu unabeba pungufu ya fomula ya shuleni.