Ngazi ya zege: uzito hupimwa kwa mita ya mlalo

Ukihesabu ngazi inayobebwa na boriti juu na chini, usisahau kwamba bamba limelala kwenye mteremko, ilhali urefu wa hesabu ni wa mlalo. Kosa hili nimeliona mara nyingi, na kila mara nondo hutoka pungufu.

Chukua kimo cha 165 mm, kanyagio la 275 mm, bamba la 150 mm. Mteremko wa kidato kimoja ni 321 mm, hivyo zidisha uzito wa bamba kwa 321/275 = 1.17:

0.15 × 25 × 1.17 = 4.4 kN/m²

Vidato ni pembetatu, hivyo chukua nusu ya kimo: 0.0825 × 25 = 2.1. Ongeza 1.0 ya lipu na vigae, jumla 7.5. Watu ni 3.0.

1.4 × 7.5 + 1.6 × 3.0 = 15.3 kN/m²

Kwa urefu wa mlalo wa 3.3 m, ncha zikiwa zimeegemea boriti tu bila kukazwa, wL²/8 ni kama 21 kNm kwa kila mita ya upana. Kina hadi katikati ya nondo ni 119 mm na mkono wa nguvu kama 110 mm. Kwa chuma cha 460:

21 × 10⁶ / (0.95 × 460 × 110) = 437 mm²

Nondo za 12 mm kila 200 mm zinatoa 565, zikipangwa chini ya bamba kufuata mteremko.