Kabla ya kuintegreti x^n · e^(ax): mambo ya kuzingatia

Tazama kipeo n kwanza. Kanuni ya kushusha kipeo hupunguza 1 kila hatua, kwa hiyo hufika mwisho pale tu n ikiwa namba kamili isiyo hasi. Ukiwa na n = 1/2 utashuka hadi −1/2, kisha −3/2, na sifuri hutaikuta kamwe. Hakikisha pia kwamba a si sifuri, maana utagawanya kwa a.

Kanuni yenyewe ni afadhali uijenge kuliko kuikariri. Iite integrali I_n, kisha uintegreti kwa sehemu: u = x^n, dv = e^(ax) dx. Hapo du = n·x^(n−1) dx na v = e^(ax)/a, hivyo:

I_n = x^n·e^(ax)/a − (n/a)·I_(n−1)

Ukibadilisha nafasi za u na dv, kipeo kitapanda badala ya kushuka. Ukiona x^(n+1) kwenye karatasi yako, rudi nyuma papo hapo.

Andaa I_0 = e^(ax)/a kabla ya kitu kingine chochote, kisha panda kutoka chini. Ukianzia juu utabeba mabano ndani ya mabano, na alama ya kutoa hupotea humo. Tuchukue a = 2 na n = 3:

I_1 = e^(2x)·(x/2 − 1/4)
I_2 = e^(2x)·(x²/2 − x/2 + 1/4)
I_3 = e^(2x)·(x³/2 − 3x²/4 + 3x/4 − 3/8) + C

Kuhakiki ni kazi fupi. Iite P ile iliyomo ndani ya mabano ya I_3. Derivativu ya e^(2x)·P ni e^(2x)·(2P + P′), kwa hiyo 2P + P′ lazima iwe x³ tupu. Hapa 2P inatoa x³ − 3x²/2 + 3x/2 − 3/4, nayo P′ ni 3x²/2 − 3x/2 + 3/4. Vyote vinafutana isipokuwa x³. Kikibaki kitu kingine, kipeo chake kinakuonyesha pa kuanzia kutafuta kosa.

Penye mipaka, kuwa mwangalifu zaidi na sifuri. Kutoka 0 hadi 1, wengi huona x^n ni 0 kwenye mpaka wa chini, wakaufuta wote na kuandika e²/8, yaani takribani 0.924. Lakini −3/8, iliyotokana na I_0, haina x, kwa hiyo haifi. Jibu ni (e² + 3)/8, takribani 1.299. Kosa hilo unaweza kulinasa bila kurudia hesabu: kwa x chanya, e^(2x) inazidi 1 + 2x + 2x². Zidisha kwa x³, integreti kutoka 0 hadi 1, utapata 1/4 + 2/5 + 1/3, takribani 0.983. Jibu lolote lililo chini ya hapo haliwezi kuwa sahihi.