Barua ya kuomba alama zipitiwe upya: swali la usafirishaji lenye majibu mawili sahihi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa lojistiki hapa Arusha amerudishiwa kitabu chake cha majibu. Swali la usafirishaji lilikuwa na alama 20, yeye kapata 9. Mgao wake umepigwa mkasi mwekundu, na kipimo cha MODI, kile kinachoonyesha kama mgao umefika gharama ya chini kabisa, nacho kimepigwa mkasi, lakini jumla ya gharama imepewa tiki na alama zote. Nimeukagua mgao wake seli kwa seli, na nina hakika ana haki ya kuandika barua. Nitaonyesha jinsi ya kuiandika kwa kutumia kesi yake, kwa sababu barua ya aina hii husimama au huanguka kwa hesabu iliyomo ndani yake.

Hatua ya 1: Fanya swali upya kabla ya kushika kalamu ya barua

Swali lilikuwa hivi. Maghala matatu yana mahindi: Arusha tani 60, Moshi tani 50, Babati tani 40. Masoko ni Karatu tani 60, Namanga tani 50, Same tani 40. Pande zote mbili ni tani 150, kwa hiyo hakuna haja ya soko wala ghala la kubuni. Gharama kwa tani, kwa maelfu ya shilingi:

| Kutoka | Karatu | Namanga | Same |
|---|---|---|---|
| Arusha | 14 | 11 | 19 |
| Moshi | 22 | 19 | 11 |
| Babati | 16 | 28 | 36 |

Kwa mbinu ya Vogel, adhabu ni tofauti ya gharama mbili ndogo kabisa za ghala au soko, na kubwa ya kwanza ni ya Babati (28 − 16 = 12), hivyo tani zake 40 zote zinakwenda Karatu. Kisha Moshi inapeleka tani 40 Same. Hapo zinabaki Arusha yenye tani 60 na Moshi yenye tani 10, na masoko mawili: Karatu inayodai tani 20 na Namanga inayodai 50. Adhabu ya Karatu ni 22 − 14 = 8. Adhabu ya Namanga ni 19 − 11 = 8. Zimefungana, na mhadhiri na mwanafunzi wameachana papo hapo.

Mwongozo wa usahihishaji ulianza na Karatu. Ukapata Arusha–Karatu 20, Arusha–Namanga 40, Moshi–Namanga 10, Moshi–Same 40 na Babati–Karatu 40. Mwanafunzi alianza na Namanga. Akapata Arusha–Karatu 10, Arusha–Namanga 50, Moshi–Karatu 10, Moshi–Same 40 na Babati–Karatu 40.

Jumla ya mwongozo: 280 + 440 + 190 + 440 + 640 = 1,990. Jumla ya mwanafunzi: 140 + 550 + 220 + 440 + 640 = 1,990. Shilingi 1,990,000 kwa wote wawili.

Anayeijua barabara haoni ajabu. Gari litokalo Moshi kwenda Karatu hupita Arusha, na liendalo Namanga pia hupita Arusha. Kipande cha Moshi hadi Arusha kinaongeza elfu 8 ileile popote mzigo unapokwenda baada ya hapo. Hivyo Moshi ikipeleka tani 10 Karatu na Arusha ikaongeza tani 10 Namanga, au kinyume chake, mfuko haubadiliki.

Hatua ya 2: Tafuta sifuri kwenye kipimo chako

Jumla kulingana haitoshi. Migao miwili inaweza kulingana gharama na yote isiwe ya chini kabisa. Unachohitaji ni kipimo cha MODI cha mgao wako mwenyewe, na huyu alikuwa nacho kwenye karatasi. Kila ghala hupewa namba u na kila soko namba v, ili kwa kila seli yenye mzigo u + v iwe gharama yake. Aliweka u ya Arusha iwe 0, akapata v ya Karatu 14 na ya Namanga 11, u ya Moshi 8 na ya Babati 2, kisha v ya Same 3. Seli tupu zikatoka hivi:

- Arusha–Same: 19 − (0 + 3) = 16
- Moshi–Namanga: 19 − (8 + 11) = 0
- Babati–Namanga: 28 − (2 + 11) = 15
- Babati–Same: 36 − (2 + 3) = 31

Hakuna hasi, kwa hiyo mgao umefika mwisho. Na ile 0 ya Moshi–Namanga inasema kuna mgao mwingine wenye gharama hiyohiyo, unaoitumia seli hiyo. Mgao huo ndio wa mwongozo. Karatasi ya mwanafunzi ilikuwa tayari inathibitisha majibu yote mawili, na barua itasimama juu ya mstari huo.

Hatua ya 3: Tenga alama unazoziomba

Swali liligawanywa hivi: jedwali 3, mgao wa Vogel 6, jumla ya gharama 3, kipimo cha MODI 6, na maelezo ya jibu kwa sentensi 2. Alipoteza 4 kwenye mgao, 5 kwenye MODI, na zile 2 za sentensi kwa sababu hakuandika kabisa. Aombe 9, na zile 2 aziache. Mhadhiri akikuta unadai hata ulichoacha wazi, ataisoma barua yote kwa jicho la shaka.

Angalia pia kanuni za mitihani za chuo chako. Kama ni jaribio la ndani ya muhula, barua inakwenda kwa mhadhiri. Kama ni mtihani wa mwisho na matokeo yameshapitishwa, kwa kawaida mhadhiri peke yake hana tena uwezo wa kuyabadili, na utafuata njia ya rufaa yenye fomu na muda wake.

Hatua ya 4: Andika

> Mhadhiri wa Mbinu za Kihesabu katika Lojistiki,
> K.K. Mkuu wa Idara,
> Arusha.
>
> Ndugu Mhadhiri,
>
> Yah: OMBI LA KUPITIWA UPYA ALAMA ZA SWALI LA 3, JARIBIO LA KWANZA
>
> Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili kama ilivyo kwenye nakala niliyoambatanisha.
>
> Katika swali la 3 nilipata alama 9 kati ya 20. Naomba kwa heshima upitie tena sehemu (b) ya mgao na sehemu (d) ya kipimo, ambako nilipoteza jumla ya alama 9.
>
> Baada ya Babati na Same kukamilika, adhabu za Karatu na Namanga zilifungana kwa 8. Nilichagua Namanga kwa kuwa seli ya Arusha–Namanga ina gharama ndogo (11) kuliko Arusha–Karatu (14). Mgao niliopata unatimiza mahitaji yote, una seli 5, na gharama yake ni shilingi 1,990,000, sawa na jibu ulilotupa darasani.
>
> Katika ukurasa wa 6 wa kitabu changu, hakuna seli tupu yenye thamani hasi, na seli ya Moshi–Namanga ina thamani 0. Nikihamishia humo tani 10 kwa mzunguko wa Moshi–Namanga, Arusha–Namanga, Arusha–Karatu na Moshi–Karatu, napata mgao uleule uliotupa. Nimeambatanisha hesabu hiyo.
>
> Sina ombi kuhusu sehemu (e), ambayo sikuijibu.
>
> Nipo tayari kufika ofisini kwa muda utakaoupanga. Naomba kuwasilisha.
>
> Wako mtiifu,
> (sahihi na tarehe)

Barua haimwambii mhadhiri kwamba amekosea, wala haitaji sapu, ada au mkopo. Mhadhiri anaweza kuichukua, kufungua ukurasa wa 6 na kuhakiki kila kitu kwa dakika chache. Kiambatanisho kiwe ukurasa mmoja wenye majedwali mawili na ule mzunguko. Na usiongeze hata tarakimu moja kwenye kitabu cha majibu baada ya kurudishiwa. Hesabu mpya iandikwe kwenye karatasi yake.

Maswali ya wanachama

*Swali kutoka Usa River: Shikamoo mwalimu. Mimi mgao wangu ulikuwa na seli 4 tu na nikakatwa. Naweza kutumia barua hii?*

Marahaba. Kwa sehemu. Maghala matatu na masoko matatu yanahitaji seli 3 + 3 − 1 = 5. Chukua swali hilihili, Karatu idai 50 na Namanga 60. Ukianza na Namanga, Arusha inaisha na Namanga inatosheka kwa wakati mmoja, unabaki na seli 4: Arusha–Namanga 60, Moshi–Karatu 10, Moshi–Same 40, Babati–Karatu 40. Gharama ni 1,960,000 na mgao ni sahihi. Lakini kwa seli 4 huwezi kupata u na v zote mpaka uweke ε, yaani kiasi kidogo mno cha kubuni, kwenye seli tupu isiyofunga mzunguko na zile nne. Arusha–Karatu inafaa. Babati–Same haifai, inafunga mzunguko. Kama hukuweka ε ukaandika tu kwamba jibu ni la mwisho, alama za kipimo zilikatwa kwa haki. Omba za mgao na gharama.

*Swali kutoka Moshi: Kaka, yangu ilitofautiana na ya mwalimu kwa elfu kumi tu. Si ni karibu sawa?*

Hapana, dada. Kama yako ni kubwa zaidi, basi si ya chini kabisa, na MODI ikifanywa vizuri itakuonyesha seli yenye hasi. Kama yako ni ndogo, hakiki kwanza kama kila soko limepata tani zake. Unachoweza kuomba ni alama za njia: ikiwa ulinakili gharama moja vibaya mwanzoni na hatua zote zilizofuata ni sahihi kwa namba hiyo, mwombe mhadhiri aangalie hatua. Hiyo ni barua nyingine, na mstari wake wa kwanza uonyeshe namba uliyoinakili vibaya.

*Swali kutoka Ngaramtoni: Rafiki yangu aliandika Arusha–Karatu 15, Arusha–Namanga 45, Moshi–Karatu 5, Moshi–Namanga 5, na zile mbili nyingine 40. Anasema gharama ni ileile.*

Ni kweli, inatoka 1,990,000. Kati ya migao miwili ya mwisho unaweza kuhamisha kiasi chochote hadi tani 10 na gharama isibadilike, na meneja wa magari angefurahi kuwa na uhuru huo. Ila huyo ana seli 6, na Vogel haitoi seli 6 kwenye jedwali la tatu kwa tatu. Kama swali lilisema "kwa mbinu ya Vogel", mhadhiri ana haki ya kuuliza alifikaje hapo. Kama lilisema tu "tafuta mgao wa gharama ndogo kabisa", aandike barua, na aambatanishe mizunguko inayoonyesha kwamba mgao wake uko katikati ya ile miwili.