Zoezi la kazi ya usalama wa mifumo: usiguse seva ambayo hukupewa

Zoezi lilinikuta likizoni kwa mama, Majengo, Moshi. Kampuni moja ya London ilitafuta injinia wa usalama. Walinitumia programu ndogo ya ankara: niichunguze, niandike ripoti, nisizidi muda wa saa 4.

Kwenye faili la mipangilio nikaona anwani ya seva yao ya majaribio. Mkono ukaniwasha. Nikairushia `nmap`, amri ya kutafuta milango iliyo wazi. Mama hajaipua mtori, mimi nina orodha nzima, nikaibandika kwenye ripoti kwa mbwembwe. Siku ya tatu wakajibu: seva ile haikuwa sehemu ya zoezi, kumbukumbu zake zimeonyesha anwani ya Tanzania, asante kwa muda wako. Waingereza hawagombi, wakikushukuru hivyo, ujue umeshatolewa.

Mjomba akasema wamenionea, "si mlango ulikuwa wazi?" Mjomba wangu, mlango wa jirani ukiwa wazi haukupi ruhusa ya kuhesabu masufuria yake. Uingereza wana sheria ya 1990 dhidi ya kuingilia kompyuta bila idhini, kama yetu ya makosa ya mtandao ya 2015. Kuchungulia milango si sawa na kuingia, ila nani atamkabidhi funguo mtu asiyeuliza mipaka?

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha chochote, andika ulichochukulia kuwa kweli. Ukurasa wangu wa kwanza siku hizi husema: "Nimechunguza msimbo mliotuma tu, kwenye laptopu yangu. Anwani za nje sijazigusa. Nimechukulia kila mteja aone ankara zake pekee." Chenye utata waulize kwa barua pepe. Kwetu swali huonekana udhaifu; kule huhesabiwa kama kazi.

Sentensi ya mwisho ya ukurasa ule, ya kila mteja kuona ankara zake, ndiyo inayobeba ripoti. Programu ile ile: nimeingia kama mteja wa kwanza, nikaomba `/ankara/1042`, ikaja yangu. Nikabadili namba kuwa 1043, ikaja ya mteja mwingine. Bila kutaja dhana yako, msomaji anaweza kusema ndivyo ilivyokusudiwa. Tatizo ni kwamba seva iliangalia kama umeingia, haikuangalia ankara ni ya nani. Tiba:

```
SELECT * FROM ankara
WHERE id = ? AND mteja_id = ?
```

`mteja_id` itoke kwenye kikao cha aliyeingia, kamwe isitoke kwenye ombi lake, la sivyo hiyo nayo ataibadili. Kisha rudia ombi la 1043, onyesha sasa linajibu 404.

Kuwasha programu na kupiga picha za skrini, unajua. Kasoro ndogo zipe mstari mmoja mmoja, kubwa itangulie. Saa 4 zikiisha, simama, uandike usichofikia: "Sikuchunguza upakiaji wa mafaili." Na narudia: anwani ukiikuta ndani ya faili, itaje kwenye ripoti, usiiguse.