Barua ya kutohuisha mkataba wa muda maalumu: anza na kalenda

Wiki iliyopita nilimsaidia mwenzangu wa idara ya utumishi kuandika barua hii. Maneno yalituchukua nusu saa. Tarehe zilitutoa jasho.

1. Fungua mkataba usome kifungu cha kumalizika, halafu usome sheria ya kazi ya mahali mlipo. Kimoja kikidai notisi ndefu kuliko kingine, fuata ndefu.

2. Hesabu notisi kwa kurudi nyuma. Mkataba wetu ulikuwa unaisha tarehe 30 Septemba, na kifungu kilitaka notisi ya siku 30 kamili. Siku ya kupokea barua haihesabiwi, wala siku ya mwisho ya mkataba. Kwa hiyo tukahesabu kuanzia 31 Agosti hadi 29 Septemba, zikatimia 30. Maana yake barua iwe mkononi mwa mfanyakazi kufikia 30 Agosti. Nasema mkononi. Zamani niliwahi kuandika barua ya tarehe inayofaa kabisa, kumbe mhusika yuko likizo; aliisaini siku tatu baada ya muda kupita. Kifungu kilisema notisi ikichelewa mkataba unajihuisha wenyewe, na ukajihuisha kweli. Tangu hapo nampa mtu karatasi, nakala yangu anaisaini na kuandika tarehe kwa mkono wake. Barua pepe natuma pia, ila siitegemei peke yake.

3. Andika kwamba mkataba unafikia mwisho. Usiandike "tunakuachisha kazi", kwa kuwa hilo ni jambo jingine lenye taratibu zake. Sisi tuliandika hivi:

"Mkataba wako ulioanza tarehe 1 Oktoba utafikia ukomo tarehe 30 Septemba na hautahuishwa. Nafasi yako ililipiwa na fedha za mradi ambao unafungwa tarehe hiyo hiyo."

Sababu iwekwe pale mkataba au sheria inapoidai, au pale mkataba ulipohuishwa mara kadhaa hadi mfanyakazi akawa na haki ya kutarajia kuendelea. Iwe moja, ya kweli. Ukisema nafasi imefutwa kisha mwezi ujao ukaitangaza, barua yako mwenyewe itakuwa ushahidi dhidi yako.

4. Stahiki za mwisho zitaje moja moja: mshahara hadi siku ya mwisho, likizo isiyotumika, kiinua mgongo kama kimo mkatabani, makato ya mkopo, cheti cha utumishi. Mwenzangu alitaka kuandika "utalipwa haki zako zote". Nilikataa. Likizo ilikuwa siku 24, zimetumika 15, zimebaki 9. Mkataba unagawa mshahara wa mwezi kwa 26, hivyo anayelipwa 520,000 ana 20,000 kwa siku, na likizo yake ni 180,000 kabla ya kodi. Hesabu hiyo iende kama kiambatisho, pamoja na tarehe ya malipo na jina la atakayepokea vifaa vya ofisi.

5. Saini, muhuri, nakala kwenye faili.